Uvungu wa Goti na Neva Inayopita Juu ya Mfupa

Mtu akikunja goti kidogo na kupitisha mkono nyuma yake, atakuta shimo laini lililozungukwa na kano ngumu. Shimo hilo ndilo uvungu wa goti. Goti likinyooka, shimo hujaa na kutoweka, kwa kuwa utando mgumu unaolifunika hukazwa kama ngozi ya ngoma. Kwa sababu hiyo daktari anayetafuta mapigo ya ateri ya uvungu huu humwambia mgonjwa akunje goti kwanza. Goti likiwa limenyooka, vidole vitagonga utando tu.

Uvungu una umbo la msambamba wenye pembe nne, moja juu, moja chini na mbili pembeni. Upande wa juu kwa nje umekingwa na kano ya baisepsi ya paja, ambayo huteremka hadi kwenye kichwa cha fibula, ule mfupa mwembamba wa nje ya mguu. Upande wa juu kwa ndani upo musuli wa semimembranosasi, na juu yake kano ndefu ya semitendinosasi inayoshikika kwa urahisi. Chini, vichwa viwili vya musuli wa shavu la mguu, yaani gastroknemiasi, hukutana na kufunga pembe. Kile cha nje husaidiwa na musuli mdogo wa plantarisi. Sakafu ni uso wa nyuma wa mfupa wa paja, mfuko wa kiungo cha goti, na musuli wa popliteasi.

Ndani yake yamo mafuta, tezi chache za limfu, na mishipa mikubwa ya mguu ikiwa imepangwa kwa kina. Atakayekata ngozi katikati ya uvungu atakutana kwanza na neva ya tibia, kisha vena, na mwisho ateri ikiwa imelala karibu kabisa na mfupa na mfuko wa kiungo. Mpangilio huu unaeleza kwa nini goti linaloteguka kwa nguvu, au paja linalovunjika karibu na goti, huhatarisha ateri kabla ya vingine.

Neva ya pili, ile ya peronea ya pamoja, haikai katikati. Neva ya siyatiki ikishagawanyika, kwa kawaida kwenye pembe ya juu ya uvungu, tawi hili huiacha neva ya tibia na kushika njia ya pembeni. Hufuata ukingo wa ndani wa kano ya baisepsi, hupita juu ya kichwa cha nje cha gastroknemiasi, kisha hutoka nje ya uvungu nyuma ya kichwa cha fibula. Hapo huizunguka shingo ya mfupa huo kutoka nyuma kwenda mbele, na kuzama chini ya musuli mrefu wa peronea, ambako hugawanyika mara mbili. Tawi la juujuu huhudumia misuli inayogeuza unyayo nje na ngozi ya sehemu kubwa ya mgongo wa mguu. Tawi la kina huhudumia misuli inayoinua unyayo na vidole, na kipande kidogo cha ngozi kati ya kidole gumba na cha pili.

Mwanafunzi anaweza kuishika neva hii mwenyewe. Akiwa ameketi na goti limekunjwa, aifuate kano ya nje mpaka ifike kwenye uvimbe wa mfupa, ambao ndio kichwa cha fibula. Kidole kikisogezwa nyuma na chini kidogo, kitahisi uzi wa mviringo unaoteleza juu ya mfupa. Asiubonyeze kwa nguvu.

Kushikika huko ndiko kunakoonyesha udhaifu wake. Kwenye shingo ya fibula hakuna musuli wala mafuta ya maana ya kuilinda neva. Nje ipo ngozi na utando mwembamba, ndani upo mfupa mtupu. Kitu chochote kigumu kikiegemea hapo, neva hubanwa kati ya vitu viwili visivyonepa. Zaidi ya hayo, neva haiwezi kukwepa. Mlango wa kuingilia chini ya musuli wa peronea ni upinde wa nyuzi ngumu, nao huifunga neva mahali pake. Ndiyo maana hudhurika pia goti linapopindishwa kwa nguvu na kuivuta. Watu waliokonda kwa haraka hupata shida hii kwa kukunja nne tu, maana hata yale mafuta kidogo yaliyokuwepo yamekwisha. Wanaochuchumaa kwa saa nyingi shambani wamo katika hatari hiyohiyo.

Tuchukue mfano wa kijana aliyevunjika kifundo cha mguu na kufungwa plasta ya chini ya goti jioni. Ukingo wa juu wa plasta umeishia kwenye shingo ya fibula, na pamba ya chini yake ni haba. Alfajiri anasema mgongo wa mguu umekufa ganzi. Muuguzi anaona vidole vyekundu na vyenye joto, anaandika kwamba damu inapita vizuri, na kuendelea na kazi. Hapa ndipo kosa linapoingia, kwa kuwa rangi ya vidole haisemi lolote kuhusu neva. Kipimo kinachofaa ni kumwambia kijana ainue kidole gumba kuelekea usoni pake. Kijana huyu anakikunja chini vizuri, lakini hawezi kukiinua.

Kukunja kunakobaki kunathibitisha kwamba neva ya tibia ni salama. Kabla ya kuulaumu ukingo wa plasta, sharti lifikiriwe jambo la hatari zaidi, yaani shinikizo la misuli ndani ya vifuko vyake. Hilo huleta maumivu makali yanayozidi vidole vinapovutwa na mtu mwingine. Kijana huyu havutwi kwa maumivu hayo. Plasta inapasuliwa mara moja kwa urefu wake wote pamoja na pamba, bila kusubiri asubuhi, na inayofuata inaishia upana wa vidole viwili chini ya shingo ya fibula.

Plasta isingekuwepo, swali lingekuwa jingine: je, neva imebanwa gotini, au ni mzizi wa tano wa kiunoni uliobanwa mgongoni? Yote mawili huangusha unyayo, na mgonjwa huinua goti juu kama anayevuka maji, kisha unyayo hupiga sakafu kofi. Kinachotofautisha ni kugeuza unyayo ndani. Kazi hiyo hufanywa hasa na musuli wa nyuma wa muundi, unaotegemea mzizi huohuo lakini kupitia neva ya tibia. Nguvu yake ikiwa kamili, lawama huelekea shingo ya fibula. Ikiwa imepungua, pamoja na nguvu ya kutanua paja nyongani, mgongo ndio uchunguzwe. Kipimo hiki kifanywe unyayo ukiwa umeinuliwa na mkono wa mpimaji, kwani unyayo unaoning'inia hugeuka ndani kwa udhaifu hata kama musuli ni mzima.

Neva iliyobanwa bila nyuzi zake kukatika kwa kawaida hurudi katika wiki au miezi michache. Nyuzi zikikatika, huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Wakati wote huo unyayo ushikiliwe na kibao kwenye pembe ya nyuzi 90, la sivyo kano ya kisigino hufupika, na neva ikirudi hukuta kifundo kisichoinuka tena.