Wakigombania Mwezi Chini ya Mawaidha

Swali: Tumeweka YouTube mawaidha ya adabu za saumu, lakini watu wanagombana kuhusu mwezi tu. Tuanzie wapi?

Bandikeni juu maoni yenu wenyewe kabla ugomvi haujakolea. YouTube inaruhusu maoni mamoja tu kubandikwa kwa kila video, kwa hiyo yabebe msimamo na kanuni pamoja. Kwa msikiti wa Mombasa ningeandika hivi:

"Assalamu alaikum. Mawaidha haya ni ya adabu za saumu. Kuhusu mwezi, msikiti wetu unafuata tangazo la Kadhi Mkuu, na tunajua wapo ndugu zetu wanaofuata mwandamo wa popote duniani. Ukiuliza, tutakujibu. Matusi, kumkufurisha Mwislamu na kumsema mtu kwa familia yake tutayaondoa."

Msianze kutetea msimamo wenu humo. Mkiweka dalili, kila apitaye atataka kuijibu.

Swali: Mtu ameandika, "Wapotoshaji nyinyi, mnafungisha watu siku ya Idi!" Tufute?

Hapana. Maneno ni makali, lakini ndani yake mna hoja nzito: kufunga siku ya Idi ni haramu, na huenda anaihofia dini yake kweli. Mjibuni hoja, ukali uacheni:

"Hofu yako tunaielewa, ndugu yetu. Sisi tunategemea hadithi ya Kuraib katika Sahih Muslim, ambamo Ibn Abbas, akiwa Madina, hakufuata mwandamo wa Sham. Wapo wanazuoni walioielewa vingine, nao tunawaheshimu."

Akirudi na dalili yake, iacheni isomwe. Akirudi na "mashehe wa njaa", hapo hoja imekwisha; futeni hilo wala msijibu. Kila jibu lenu humwita tena, na wenzake huja naye.

Swali: Tukifuta, anapiga picha ya skrini na kusema tumeshindwa hoja.

Ndiyo sababu kanuni hutangulia: msomaji anaiona juu, na hoja ya mtu huyo bado ipo. Akiendelea, tumieni `Hide user from channel`. Hatumiwi taarifa yoyote, na maoni yake hayaonekani tena kwa wengine. Akifungua akaunti nyingine, mtamtambua kwa maneno yaleyale.

Swali: Je, tuzuie neno "kafiri"?

Msilizuie. Litamnasa pia anayeuliza maana ya neno hilo. Orodha ya maneno yaliyozuiwa iwe ya matusi ya nguoni, pamoja na tahajia zake za mkato. Kinachozuiwa hukaa kikisubiri ukaguzi, nacho kisipokaguliwa ndani ya siku 60 hupotea. Mmoja wenu akague kila siku, maana mara nyingi humo hukwama swali la mtu aliyetaka kujua tu.

Usiku wa kutafuta mwezi, zuieni maoni yote hadi yakaguliwe, kisha yafungulieni baada ya Alfajiri.