Ukungu wa Lenzi Ndani ya Mchezo: Fanya Hivi, Acha Vile

Tushike mfano mmoja. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/2 imemlenga mtu aliye mita 5. Nguzo iko mita 1 kutoka kwenye kamera. Ukuta wenye taa uko mita 20. Kwa sensa yenye upana wa milimita 36 na picha ya pikseli 1920, duara la ukungu la ukuta lina nusu kipenyo cha pikseli 5 hivi. La nguzo ni 27.

Usichanganye ukungu wa mbele na wa nyuma katika pasi moja. Kasoro zake ni mbili, na dawa ya moja huzidisha nyingine.

Usiruhusu rangi ya mtu imwagikie ukutani. Pikseli ya ukuta inayokusanya rangi za majirani wote huokota na shavu lake, naye huvikwa utando wa rangi kuzunguka kichwa. Kila sampuli ihesabiwe pale tu duara lake lenyewe linapoifikia pikseli ya katikati. Na iliyo nyuma zaidi isipewe duara kubwa kuliko la katikati, la sivyo taa za ukutani zitamwagikia usoni:

```
float r = s.coc;
if (s.z > c.z) r = min(r, c.coc);
float w = saturate(r - dist + 1.0);
```

Kwa nguzo, usitafute kwa kutumia duara la pikseli ya katikati. Pikseli ya ukuta iliyo kando ya nguzo inajua 5 tu. Haina habari kwamba ukungu wa 27 unapaswa kuifikia. Ndiyo maana nguzo hulainika ndani huku ukingo ukibaki umekatwa kwa wembe.

Gawa picha katika vigae, hifadhi duara kubwa zaidi la mbele kwa kila kigae, kisha kila kigae kichukue lililo kubwa kati yake na majirani wanane. Kwenye picha ya nusu ukubwa, 27 inakuwa 13.5, hivyo vigae vya pikseli 16 vinatosha. Kwenye picha kamili havitoshi: ukungu utakatika kwa mistari ya mraba.

Changanya nguzo kwa alfa, yaani sehemu ya sampuli zilizoangukia nguzo. Ukingo ulionyooka hutoa 0.5, na hapo ndani ya nguzo panahitaji ukuta ambao kamera haikuuona. Jaza kwa rangi za ukuta wa jirani. Wengi huzidisha alfa kwa 2 ili kukwepa kazi hiyo. Nguzo hunenepa kidogo, lakini kwa mchezo wa kasi naikubali.

Usipunguze picha kwa wastani wa kawaida. Wastani huo huchanganya mtu na ukuta kabla hujaanza. Pima kila pikseli kwa duara lake.

Fanya yote kwenye mwanga wa mstari, kabla ya kubana mwangaza. Vinginevyo boke za taa zitakuwa sahani za kijivu.

Kagua kwa kuonyesha alfa ya mbele peke yake. Mteremko uanzie ndani ya nguzo na kuishia pikseli 27 nje. Ukikoma ukingoni, rudi kwenye vigae.