Tangazo la Kamati kwa Majirani: Kupunguza Panya katika Jalala la Pamoja

Katika vitongoji vingi vya Ngara na Biharamulo, kaya kadhaa hutumia shimo moja la taka. Panya wanapoongezeka hapo, kamati ya wakazi huandika tangazo la kuwaomba majirani wadumishe usafi. Mara nyingi tangazo hilo husomwa, hukubaliwa na wote, kisha hali hubaki kama ilivyokuwa. Somo hili linaeleza kwa nini huwa hivyo, na namna ya kuandika tangazo linalozaa matokeo yanayoweza kupimwa.

Chakula ndicho kinachoamua idadi

Panya wa nyumbani hula takriban gramu 15 hadi 20 za chakula kwa siku. Jike hubeba mimba kwa muda wa wiki tatu hivi, na huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Kwa hiyo panya wanaouawa hujazwa upesi na wengine, maadamu chakula kipo. Kinachoweka kikomo cha idadi yao ni kiasi cha chakula kinachobaki wazi usiku, kwa kuwa huo ndio wakati wao wa kutafuta riziki.

Tuchukue mfano wa kitongoji chenye kaya 24. Kila kaya ikitupa jioni gramu 50 tu za makombo, yaani tonge moja la ugali na maharage kidogo, jalala hupokea gramu 1,200. Kiasi hicho chaweza kulisha panya 60 kila usiku. Kaya 18 zikiacha kutupa makombo na 6 zikaendelea, zinabaki gramu 300, ambazo zinatosha panya 15. Hesabu hii inaonyesha mambo mawili. Kwanza, ombi la msingi lihusu makombo. Karatasi na majani makavu huwapa panya maficho, lakini hayawashibishi. Pili, tangazo lazima lifike katika kila kaya, kwani kaya chache zilizosahauliwa zinatosha kuendeleza tatizo.

Mpangilio wa hatua

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kufyeka na kuchoma jalala. Panya waliokuwa wakiishi humo hukimbilia maficho ya karibu, nayo ni nyumba na maghala ya mahindi. Majirani hulalamika kwamba usafi umeleta panya, na kamati hupoteza imani yao.

Utaratibu sahihi huanzia nyumbani. Katika wiki ya kwanza, kila kaya huziba matundu yote yanayoweza kupitisha kidole gumba, hasa chini ya mlango na pale ukuta unapokutana na paa. Wakati huohuo mitego hutegwa kandokando ya kuta, kwa sababu panya hupenda kupita akiusugua ukuta kuliko kukatiza uwazi. Panya huogopa kitu kipya, kwa hiyo mtego huwekewa dagaa au karanga kwa siku mbili au tatu bila kufyatuka, ndipo utegwe.

Katika wiki ya pili makombo huondolewa jalalani. Maganda ya ndizi hupewa mbuzi au ng'ombe. Mabaki mengine huwekwa katika ndoo yenye kifuniko, kisha hufukiwa kabla ya giza kwa udongo wa sentimeta 15 hivi. Jalala lenyewe husafishwa katika wiki ya tatu, panya wakiwa wamekwisha kupungua.

Sumu isimwagwe jalalani. Panya mwenye chakula kingine tele huipita, na sumu nyingi zinazouzwa huua baada ya siku kadhaa, mnyama akiwa amekwisha kuingia darini. Wanaodhurika ni kuku, paka na watoto.

Kusema ugonjwa ulio wa kweli

Tangazo hushawishika kuwatisha watu ili watii. Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa mkoani Kagera, na Biharamulo ndiyo iliyoguswa. Jina hilo bado linatia hofu, lakini halifai kuandikwa katika tangazo la panya: makazi ya asili ya virusi vya Marburg ni popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Mkazi atakayeligundua kosa hilo hataamini na yale yaliyo sahihi.

Ugonjwa unaostahili kutajwa ni homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka katika mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, hudumu katika maji na udongo wenye unyevu, na huingia mwilini kupitia jeraha, macho au kinywa. Julai 2022 homa hii ilithibitishwa wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ambako watu 3 walifariki. Dalili zake huanza kwa kawaida kati ya siku 5 na 14 baada ya kuambukizwa: homa, kichwa kuuma, maumivu makali ya misuli, hasa ya miguu, na macho mekundu. Kwa kuwa zinafanana na za malaria, mgonjwa asiyetaja kazi ya taka aliyoifanya huweza kucheleweshewa dawa inayofaa.

Tangazo lenyewe

Kwa kitongoji cha mfano wetu, kamati ingeweza kuandika hivi:

*Ndugu majirani, salaam. Kamati inawashukuru kwa ushirikiano wenu. Panya wameongezeka katika jalala letu sote, na kinachowavuta ni makombo yanayolala wazi usiku. Tunawaomba kwa heshima: wiki hii, tuzibe matundu ya nyumba na kutega mitego. Kuanzia Jumatatu ijayo, makombo yasitupwe jalalani; yafukiwe kabla ya jua kuzama katika shimo jipya lililo kando. Jumamosi ya wiki ya tatu, saa 2 asubuhi, tutasafisha jalala pamoja. Kila mmoja avae viatu vya kufunika mguu na glavu. Asiye na ndoo yenye kifuniko, au asiye na nguvu za kuchimba, amwone mjumbe wa kamati naye atasaidiwa. Atakayepata homa baada ya kazi hii aende zahanati na aeleze kwamba alishika taka.*

Tangazo hili halimtaji wala kumlaumu jirani yeyote. Linataja chanzo kimoja, linaomba vitendo vyenye siku maalumu, na linamfikiria mzee anayeishi peke yake, ambaye pengine ndiye aliyeshindwa kufukia makombo. Wasiosoma wasomewe nyumbani, ili kaya zote 24 zipate ujumbe uleule.

Siku ya usafi, taka na kinyesi cha panya hulowanishwa kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini, ili vumbi lisiruke. Mwenye kidonda kilicho wazi hupewa kazi nyingine.

Kupima mafanikio

Kabla ya tangazo kutolewa, kamati hutandaza majivu laini jioni katika sehemu 10 kuzunguka jalala, kila moja upana wa sahani, na asubuhi huhesabu zenye nyayo za panya. Zoezi hurudiwa baada ya wiki nne, katika sehemu zilezile na usiku usio na mvua. Nyayo zikishuka kutoka sehemu 8 hadi 2, hatua zimefanya kazi. Zikibaki 8, kuna chakula kinachoendelea kupatikana, na upande wenye nyayo nyingi huonyesha pa kutafuta: banda la kuku lenye pumba zilizomwagika, ghala lisilozibwa, au kaya ambayo tangazo halikuifikia. Pakijulikana, mjumbe huenda kuzungumza na mwenyeji faraghani, wala jina lake halibandikwi ubaoni.