Tenda Imekuponyoka? Fanya Hivi, Usifanye Vile

Maagizo haya ni ya mzabuni wa Kenya anayefuata Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015. Yaliyo mengi ndani yake yanahusu kalenda, kwa sababu malalamiko mazuri hufa kwa kuchelewa.

Hesabu siku kabla ya kukasirika. Una siku 14 za kufikisha ombi lako kwa Bodi ya Rufaa za Ununuzi wa Umma, PPARB. Tuseme kaunti ilitangaza tenda ya kujenga zahanati, nawe ukapokea barua ya kukataliwa Jumatatu tarehe 2 Juni. Siku ya kupokea haihesabiwi. Tarehe 3 ndiyo siku ya kwanza, na Jumatatu tarehe 16 ndiyo ya mwisho. Ukifika tarehe 17 na ushahidi uliojaa gunia, Bodi itakuambia haina mamlaka ya kukusikiliza, na hapo hakuna huruma. Hifadhi bahasha au barua pepe inayoonyesha tarehe uliyopata taarifa. Ubishi mwingi huanzia hapo.

Usiandikie kaunti barua za kubembeleza ukidhani saa imesimama. Haisimami. Uliza maswali ukipenda, lakini andaa ombi lako huku unangoja jibu. Afisa anayekuambia "subiri wiki ijayo tukueleze" huenda ni muungwana, ila wiki hiyo ni nusu ya muda wako wote.

Usingoje kushindwa ndipo ulalamikie masharti. Hili ndilo linalowaangusha hata wakongwe. Siku 14 huanza unapoarifiwa matokeo, au siku kosa lenyewe lilipotokea. Kama hati za zabuni zilidai mtambo ambao ni kampuni moja tu mjini iliyo nao, kosa lilikuwa mbele ya macho yako siku ulipozichukua. Ukijaza fomu, ukatoa bei, ukashindwa, kisha ukasema masharti yalipendelea mtu, utaulizwa ulikuwa wapi.

Soma barua ya kukataliwa neno kwa neno. Sheria inataka ikutajie aliyeshinda na sababu ya wewe kukosa. "Hukutimiza masharti ya lazima" si sababu. Sharti lipi, ukurasa upi? Barua ya namna hiyo ni kosa la taasisi, nawe una haki ya kulitaja katika ombi lako. Lakini ikisema kurasa zako hazikupangwa nambari mfululizo, fungua nakala yako ukague. Sheria yenyewe inadai kurasa ziwe na nambari. Ukikuta zimeruka kutoka 211 hadi 214, okoa ada yako.

Usijenge kesi juu ya bei peke yake. "Mimi nilikuwa wa chini kuliko wote" husikika kila mara, na mara nyingi halisaidii. Bei hulinganishwa kwa waliopita hatua za awali tu. Anayeangukia kwenye cheti cha kodi kilichoisha muda hafiki kwenye bei.

Wataje wahusika wanaotakiwa. Ombi lazima limtaje afisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa ununuzi wa taasisi hiyo, pamoja na mzabuni aliyeshinda. Kuishtaki "Serikali ya Kaunti" peke yake hakutoshi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kwamba afisa huyo sharti awe mhusika. Eleza pia hasara uliyopata au unayoweza kupata, na useme imetokana na kifungu kipi kilichovunjwa.

Usipenyeze mkono kutafuta ripoti ya tathmini kwa mlango wa nyuma. Nyaraka hizo ni za siri, na karatasi iliyovuja inakuchafua wewe. Afisa masuuli hulazimika kuipelekea Bodi faili zima la siri, nayo hulisoma yenyewe.

Usitishwe na "mkataba umeshasainiwa". Mkataba hauruhusiwi kusainiwa kabla siku 14 tangu taarifa hazijapita. Uliosainiwa siku ya kumi umevunja sheria, na Bodi bado inaweza kukusikiliza. Uliosainiwa kihalali baada ya muda huo ndio unaofunga mlango. Ombi likiwasilishwa na taasisi ikaarifiwa, shughuli yote husimama.

Jua unachoomba. Bodi ina siku 21 za kuamua. Inaweza kufuta tuzo, kuagiza tathmini irudiwe, au kuelekeza taasisi cha kufanya. Mara nyingi mshindi wa ombi hupata kurudishwa kwenye tathmini, si kukabidhiwa tenda.

Usiporidhika, nenda Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Nayo ina siku 45. Kutoka hapo kwenda Mahakama ya Rufaa una siku 7 tu.