Pikseli Zilizobaki: Jinsi ya Kupima Picha Iliyokatwa Kingo Kabla ya Kuichapa

Chukulia mfano wa mwalimu wa baiolojia aliyepiga picha ya mnana dume akining'inia kwenye kiota anachokisuka. Kamera ya shule ina lenzi ya kuvuta, lakini hata ilipovutwa hadi mwisho wake, kiota kilibaki kidogo katikati ya picha. Pembeni mwake mna mambo yasiyotakiwa: kushoto waya wa umeme, kulia bega la mwanafunzi, na chini paa la bati linalong'aa. Mwalimu akazikata kingo zote hizo, akabakisha ndege, kiota na kipande cha tawi. Wiki iliyofuata mvua ikakiangusha kiota, na picha haiwezi kupigwa tena. Sasa anataka kuichapa kwa upana wa sentimita 40 na kuibandika ukutani, ili wanafunzi waone jinsi ndege yule anavyofunga mafundo ya ukanda wa jani. Je, picha iliyobaki yaweza kubeba ukubwa huo? Jibu hupatikana kwa hesabu, na hesabu yenyewe haizidi kugawanya na kuzidisha.

Picha ya kamera za siku hizi si kitu kimoja kisichogawanyika. Ni safu za vijiraba vidogo sana viitwavyo pikseli, na kila kijiraba kina rangi moja tu. Kamera ya mwalimu yatoa picha yenye pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo, yaani pikseli milioni 12 kwa jumla. Baada ya kukata, picha ina pikseli 1000 kwa 750. Watu wengi hutazama upana peke yake na kusema kwamba imebaki robo. Hilo si sahihi, kwani kimo nacho kimebaki robo. Zidisha 1000 kwa 750 upate 750,000, kisha ulinganishe na milioni 12: iliyobaki ni sehemu moja tu ya 16. Pikseli nyingine zote zimekwenda na waya, bega na bati.

Idadi hii haionekani kwa kutazama picha kwenye kioo cha kompyuta, maana programu huikuza picha yoyote ili ijaze nafasi iliyopo. Hapana budi kuisoma. Kwenye kompyuta yenye Windows, mtu hubonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua Properties, kisha Details, na huko ataona neno Dimensions likifuatwa na tarakimu mbili. Hizo ndizo pikseli za upana na za kimo. Uzito wa faili katika kilobaiti hautoshi kuwa kipimo, kwa sababu faili mbili zenye pikseli sawa zaweza kuwa na uzito tofauti kabisa.

Baada ya kujua idadi, swali lifuatalo lahusu jicho la mtazamaji. Jicho zima, penye mwanga mzuri, huweza kutenganisha nukta mbili iwapo pembe iliyopo kati yake haipungui dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa vipimo vya urefu, pembe hiyo ni sawa na kugawanya umbali kwa 3400 hivi. Anayesoma kitabu akikishika sentimita 30 kutoka machoni, yaani milimita 300, hutenganisha vitu vilivyoachana kwa kiasi cha milimita 0.09. Pikseli zikiwa ndogo kuliko hapo huungana machoni mwake, naye huona picha laini. Zikiwa kubwa zaidi, huanza kuona ngazi kwenye kingo zilizopaswa kuwa nyororo, au ukungu mahali palipopaswa kuwa na mistari.

Hapa ndipo lilipotoka agizo la wachapaji kwamba picha iwe na pikseli 300 kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, na ukiigawanya kwa 300 utapata pikseli yenye upana wa milimita 0.085, karibu sawasawa na mpaka wa jicho kwa mtu anayeshika kitabu mkononi. Agizo hilo ni la kitabu na gazeti. Halikuwekwa kwa ajili ya picha ya ukutani, na kulifuata kila mahali ni kujinyima bure.

Turudi kwa mnana. Kwa kipimo cha kitabu, pikseli 1000 zenye upana wa milimita 0.085 kila moja zatoa picha ya sentimita 8.5 tu kwa upana, na kimo chake sentimita 6.4. Kabla ya kukatwa, picha ile ile ingefikia upana wa sentimita 34. Lakini mwalimu anataka picha ya ukutani yenye upana wa sentimita 40, yaani milimita 400. Gawanya 400 kwa 1000: kila pikseli itakuwa na upana wa milimita 0.4. Zidisha 0.4 kwa 3400 upate milimita 1360. Maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyesimama mita 1.4 au zaidi kutoka ukutani hataziona pikseli. Atakayesogea karibu ataona picha imelegea, na hilo ni jambo la kuamuliwa na mwalimu mwenyewe. Ikiwa wanafunzi watapita mmoja mmoja wakiinamia picha, upana wa sentimita 20 wafaa zaidi, kwani pikseli zitakuwa za milimita 0.2, nazo hupotea machoni kuanzia sentimita 68 hivi.

Mtu aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha giza atalitambua jambo hili upesi. Filamu ya milimita 35 ina fremu ya milimita 24 kwa 36, na aliyekuza kipande kidogo cha fremu hiyo hadi karatasi kubwa aliona chembechembe za fedha zikijitokeza. Kosa lililofichika likakuzwa pamoja na picha. Katika picha za pikseli hali ni hiyo hiyo. Tuseme mkono wa mpiga picha ulitikisika kidogo, na kila ncha ikavutwa kwa pikseli 4. Picha nzima ikichapwa kwa upana wa sentimita 34, mvuto huo ni milimita 0.34, na wengi hawatauona. Kipande kilichokatwa kikichapwa kwa upana huo huo, mvuto huwa milimita 1.36, na hakuna atakayekosa kuuona. Hivyo idadi ya pikseli hueleza ukubwa usiofaa kuzidishwa, lakini haitoi ahadi kwamba kila pikseli ina habari ya kweli.

Habari hiyo yaweza kupungua kwa njia nyingine pia, na baadhi yake hufanyika bila mwenye picha kujua. Programu nyingi za kutumiana ujumbe kwa simu huipunguza picha kabla ya kuituma. Picha ya pikseli 4000 ikipunguzwa hadi 1600 kabla ya kukatwa, kipande cha mnana hakitakuwa tena na pikseli 1000, bali 400. Kwa hiyo anayepokea picha ili aikate aombe faili asilia. Kadhalika, simu nyingi humruhusu mtu kuvuta picha kwa vidole viwili wakati wa kupiga. Pasipo lenzi halisi ya kuvuta, simu hukata katikati ya picha, kisha hukikuza kipande hadi idadi ya pikseli ilingane na ile ya picha nzima. Dimensions itasoma 4000 kwa 3000, ilhali nyingi kati ya pikseli hizo zimebuniwa kwa kukisia rangi za jirani zake.

Njia ya kugundua udanganyifu huo ni rahisi, na yafaa ifanywe darasani. Fungua nakala ya picha katika programu kama GIMP, nenda Image, kisha Scale Image, uipunguze iwe nusu: pikseli 500 kwa 375. Halafu ikuze tena hadi 1000 kwa 750 na uilinganishe na ile ya asili, zote mbili zikitazamwa kwa kipimo cha 1:1, ambapo pikseli moja ya picha hukaa katika nukta moja ya kioo. Picha ya asili ikiwa na habari kamili, nakala itaonekana imefifia: manyoya yatapoteza mistari na kingo za majani zitakuwa butu. Pasipo tofauti yoyote, pikseli 1000 zile zilikuwa zikifanya kazi ya 500. Hapo hesabu ya ukutani haina budi kurudiwa kwa pikseli za milimita 0.8, na umbali wa kutazamia huwa mita 2.7.

Kosa jingine la kawaida ni kubadili namba ya pikseli kwa inchi iliyoandikwa ndani ya faili, kutoka 72 hadi 300, na kudhani picha imeboreka. Namba hiyo ni maelekezo tu kuhusu ukubwa wa karatasi, na pikseli hubaki 1000 kwa 750. Wala isichanganywe na namba ya printa, mathalani nukta 1200 kwa inchi. Nukta hizo ni za wino, na printa hutumia nyingi kati yake ili kutengeneza rangi ya pikseli moja.

Limebaki swali lililo la maana kuliko yote kwa somo lenyewe: je, fundo litaonekana? Kiota chenye upana wa sentimita 12 kinachukua pikseli 480 katika kipande kilichobaki, hivyo kila pikseli yawakilisha milimita 0.25 za kiota halisi. Ukanda wa jani wenye upana wa milimita 2 umepata pikseli 8. Pikseli 8 zatosha kuonyesha kingo zote mbili za ukanda na mahali unapopita juu au chini ya mwenzake. Kama mwalimu angeikata picha iliyokwisha kupunguzwa na simu, ukanda ungepata pikseli 3 tu, na fundo lingekuwa doa la kijani. Karatasi kubwa isingesaidia, kwani ingelikuza doa lile lile.

Kabla ya kulipia uchapaji wa picha nzima, yafaa kuchapa kipande cha majaribio. Kata eneo la fundo lenye pikseli 250 kwa 250, ulichape kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 10 kwenye karatasi ya A4 ya kawaida. Pikseli zake zitakuwa za milimita 0.4, sawa kabisa na za picha itakayobandikwa. Kibandike ukutani, usimame hatua mbili nyuma, kisha mwite mwanafunzi ambaye hajaiona picha na umwombe afuatishe kwa kidole hewani njia ya ukanda mmoja, tangu unapoingia katika fundo hadi unapotokea.