Daftari la Maumivu na Uchovu kwa Anayeishi na Selimundu

Mgonjwa wa selimundu anapofika kliniki baada ya mwezi au miezi mitatu, swali la kwanza huwa ni lile lile: maumivu yalikuwaje? Jibu nalo huwa fupi: "Kama kawaida, daktari, isipokuwa krisi moja." Daktari huandika kwenye faili, "krisi moja", na mazungumzo huhamia kwenye dawa. Katika jibu hilo kumepotea siku nyingi ambazo mgonjwa aliumwa akiwa nyumbani, akameza vidonge, akaacha nusu ya kazi yake, wala hakumwambia mtu.

Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Wally Smith, huko Virginia nchini Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 232 wenye selimundu walioandika daftari kila siku kwa muda wa hadi miezi 6. Maumivu yalikuwepo katika zaidi ya nusu ya siku zote zilizoandikwa. Hata hivyo siku ambazo wagonjwa hao walikwenda kutafuta huduma bila miadi hazikufika 4 katika kila 100. Hospitali, basi, huona sehemu ndogo sana ya maumivu ya ugonjwa huu. Sehemu kubwa hubaki nyumbani, na njia ya kuifikisha kwenye chumba cha daktari ni kuiandika siku ile ile.

Kumbukumbu peke yake haitoshi, na sababu yake haihusiani na uaminifu wa mgonjwa. Mtu anapoulizwa kuhusu mwezi uliopita, akili yake huchukua siku iliyokuwa mbaya kupita zote na siku chache za mwisho, ikaziacha zilizo katikati. Aliyeamka vizuri siku ya kliniki husema mwezi ulikuwa mzuri. Aliyelazwa wiki iliyotangulia husema ulikuwa mbaya wote.

Daftari linalofaa ni dogo. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha, na kila siku huandikwa mstari mmoja wenye mambo matano. La kwanza ni maumivu makali kuliko yote ya siku hiyo, kwa kipimo cha 0 hadi 10, pamoja na mahali hasa yalipokuwa na upande wake. La pili ni uchovu, kwa kipimo hicho hicho. La tatu ni kama aliamshwa na maumivu usiku uliopita. La nne ni idadi ya vidonge vya maumivu alivyomeza, kila dawa kwa jina lake. La tano ni kazi iliyoachwa au kupunguzwa, kwa maneno matatu au manne: "sikufua", "nimerudi saa sita", "sikwenda kazini".

Namba ya uchovu huwasumbua wengi kuliko ya maumivu, kwa sababu uchovu hauna mahali. Ni vyema mgonjwa na mhudumu wakubaliane mapema maana ya namba chache, waziandike kwenye jalada la ndani la daftari. Kwa mfano, 3 iwe "nimechoka lakini nimemaliza kazi zote". 5 iwe "nimeacha karibu nusu". 7 iwe "nimeweza kuoga na kula tu". 10 iwe "sikuweza kuinuka kitandani". Bila makubaliano hayo, 5 ya Jumatatu na 5 ya mwezi ujao huenda zisiwe kitu kimoja. Na namba za mgonjwa mmoja zisilinganishwe kamwe na za mwingine. Kila mtu hulinganishwa na nafsi yake.

Wakati wa kuandika uwe mmoja, nao ufungwe kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku: baada ya chakula cha jioni, au taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapokwisha. Asiyejua kuandika anaweza kuchora vijiti kwa namba na kutia alama kwenye mchoro wa mwili uliochorwa na mhudumu, au kumpa kalamu mtoto wa darasa la nne akamwandikia.

Kosa linaloharibu madaftari mengi ni kujaza siku zilizopita kwa mkupuo. Arthur Stone na wenzake walilichunguza jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Waliwapa watu wenye maumivu ya muda mrefu madaftari ya karatasi yaliyofichwa chombo cha kutambua mwanga, ili ijulikane daftari limefunguliwa saa ngapi. Kwa mujibu wa karatasi, asilimia 90 ya maandishi yaliandikwa kwa wakati. Kwa mujibu wa chombo, ni asilimia 11 tu. Mhudumu mzoefu huweza kulitambua daftari la namna hiyo hata bila chombo: wino ni mmoja, mwandiko haubadiliki, namba hujirudia 4, 4, 4, na karatasi haina doa la chai. Dawa yake si kumkaripia mgonjwa. Aelezwe tangu mwanzo kwamba siku aliyosahau aiache wazi kwa kistari. Mistari 20 ya kweli katika mwezi ina faida kuliko 30 ya kubuni.

Kila Jumapili jioni, mistari saba hufupishwa kuwa aya moja. Hapo ndipo wengi hukimbilia wastani, nao ndio unaopotosha. Mfano wa mgonjwa mmoja unaonyesha kwa nini. Ni mwanamke wa miaka 26, fundi cherehani, anayetumia cherehani ya kukanyaga. Katika wiki yake ya tatu ya kuandika, namba za maumivu kuanzia Jumatatu hadi Jumapili zilikuwa 4, 4, 9, 8, 5, 4 na 3. Wastani wake ni kama 5.3. Namba hiyo humfanya daktari afikirie mtu mwenye maumivu ya kati wiki nzima, ilhali wiki ile ilikuwa na maumivu ya aina mbili tofauti. Zikipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, 3, 4, 4, 4, 5, 8, 9, namba ya katikati ni 4, na hiyo ndiyo siku yake ya kawaida. Jumatano na Alhamisi zinasimama peke yake.

Muhtasari wake wa wiki hiyo ulisomeka hivi: "Maumivu siku 7 kati ya 7. Siku ya kawaida 4, kinena cha kulia, huzidi nikikanyaga cherehani na nikipanda ngazi, hupungua nikilala. Siku 2 za 8 hadi 9, mgongo na mikono, baada ya kunyeshewa. Uchovu wa katikati 5. Nimeamka usiku kwa maumivu mara 4. Parasetamoli vidonge 22, ibuprofeni siku 6. Sikufanya kazi siku 2, nusu siku mara 3."

Krisi ya Jumatano ndiyo ambayo angeitaja kwa mdomo, nayo ilikuwa na sababu inayofahamika: baridi ya mvua. Jambo zito lilikuwa kwenye zile siku tano "za kawaida". Maumivu yanayokaa mahali pamoja, upande mmoja, yakizidi kwa kukanyaga na kupungua kwa kupumzika, hayana tabia ya krisi. Kwa mwenye selimundu humlazimu daktari kufikiria kichwa cha fupa la paja, ambacho hufa taratibu pale damu inaposhindwa kukifikia. Maumivu ya nyonga mara nyingi husikika kwenye kinena, pengine hata gotini, ndiyo maana mgonjwa hasemi "nyonga". Daktari alipouzungusha mguu wake kwa ndani, ulikataa mapema kuliko wa kushoto, na eksirei ya nyonga ikaonyesha mabadiliko kwenye kichwa cha fupa. Hatua za mwanzo za ugonjwa huu zinaweza zisionekane kwenye eksirei, hivyo eksirei safi isiyafute maandishi ya mwezi mzima. Kipimo cha picha kwa nguvu ya sumaku huona mapema zaidi.

Uchovu nao ulikuwa na habari yake. Namba ya katikati kwa wiki nne ilikuwa 3, 3, 5, 5. Mtu angesema damu imepungua, na ni sahihi kupima. Lakini wingi wa damu wa mgonjwa wa selimundu hulinganishwa na kiwango chake mwenyewe, kwani wengi huishi na himoglobini ya gramu 6 hadi 9 kwa desilita. Yake ilikuwa pale pale ilipozoea kuwa. Kilichobadilika ni usiku: ameamka mara 1, 2, 4, kisha 5. Uchovu ulikuwa ukifuata usingizi uliokatika, na usingizi ulikatwa na nyonga.

Mstari wa dawa ulisababisha uamuzi wa tatu. Vidonge 22 vya parasetamoli kwa wiki viko ndani ya kiwango. Mtu mzima hazidishi vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24. Ibuprofeni kwa siku 6 mfululizo ni jambo jingine, kwa sababu selimundu yenyewe hudhuru figo na dawa za jamii hiyo huongeza mzigo. Ilisimamishwa, mkojo ukapimwa protini na damu ikapimwa kazi ya figo. Mgonjwa akapewa magongo, akapelekwa kwa daktari wa mifupa na kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kazi ya kushona aliendelea nayo kwa cherehani yenye mota, iliyoazimwa kwa jirani.

Kwa upande wa mhudumu, muhtasari usomwe mbele ya mgonjwa, na jambo moja lililomo liulizwe kwa sauti. Daftari lisilofunguliwa kliniki mara mbili halitaandikwa mara ya tatu. Wala lisigeuzwe kuwa kitabu cha mashtaka, eti namba 9 na mgonjwa anaongea vizuri. Aliyezoea maumivu tangu utotoni huweza kuongea, hata kutabasamu, akiwa na 9.

Yapo pia yasiyongoja Jumapili wala kuandikwa kwanza: homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, kusimama kwa uume kwa maumivu zaidi ya saa mbili, au tumbo la mtoto kuvimba upande wa kushoto huku akipauka. Hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Si lazima daftari liandikwe maisha yote, na wapo ambao kuhesabu maumivu kila siku huwafanya wayasikie zaidi. Hao wapewe mapumziko. Wiki nne kabla ya miadi zinatosha kwa mwaka wa kawaida. Dawa mpya inapoanzishwa, kwa mfano haidroksiyurea, ziandikwe wiki nne kabla ya kidonge cha kwanza, na nyingine nne baada ya miezi sita, kwa kuwa dawa hiyo huchukua miezi kadhaa kuonyesha kazi yake. Muhtasari wa wiki hizo nane huwekwa ubavu kwa ubavu juu ya meza, na daktari na mgonjwa huzisoma siku za kawaida kwanza.