SOMO LA WIKI: Kopo la kahawa juu ya sakafu inayong'aa

Wenye maduka ya mtandaoni wanaouza bidhaa za makopo na maboksi wamekuwa wakiachana na picha ya ukuta mweupe na kuweka bidhaa juu ya rangi inayofifia taratibu, huku taswira yake ikionekana chini kama juu ya meza iliyopigwa msasa. Picha ya namna hiyo huweza kutengenezwa bila studio, kwa kamera ya simu na programu ya bure ya GIMP. Hata hivyo, nyingi zinazoonekana sokoni zina kasoro moja: bidhaa inaonekana inaelea. Mnunuzi asiyeweza kuishika bidhaa mkononi huona picha ya uongo, naye hupita.

Chanzo cha kasoro hiyo kwa kawaida ni upigaji. Kompyuta hailaumiwi. Chukua kopo jekundu la kahawa lenye urefu wa sentimita 15. Likipigwa picha kutoka juu, kama mtu aliyesimama anavyoliona mezani, ukingo wake wa chini hujipinda kama bakuli. Ukiigeuza picha hiyo juu chini ili ipatikane taswira, mpindo nao hugeuka, na kopo na taswira yake hugusana katikati tu. Pembeni hubaki nafasi mbili zenye umbo la kabari, na hakuna ufundi wa kompyuta utakaozificha vizuri.

Dawa ni kushusha kamera hadi karibu na usawa wa kitako cha kopo, kurudi nyuma kama mita 2, na kuvuta kwa lenzi badala ya kusogea. Ukingo wa chini hapo huwa karibu mstari ulionyooka. Hasara yake ni kwamba kifuniko hakionekani tena. Anayetaka kukionyesha apige picha ya pili, isiyo na taswira.

Kopo likishakatwa kutoka kwenye picha yake ya asili, eneo lililochaguliwa lipunguzwe pikseli 1 kwa `Select > Shrink`. Bila hivyo uzi mweupe wa ukuta wa zamani hubaki ukilizunguka, na juu ya rangi huonekana waziwazi.

Ukubwa wa picha nzima uwe pikseli 2000 kwa 2000. Kopo liwe na urefu wa pikseli 1100, kitako kikae pikseli 1500 kutoka juu. Mandhari ya nyuma iwe rangi moja tu, kwa mfano kijivu cha samawati, yenye mwanga nyuma ya kopo na giza kidogo kuelekea kingo. Rangi mbili zinazogombana huiba macho ya mteja, na nyekundu juu ya nyekundu hulimeza kopo.

Kisha tabaka la kopo hutolewa nakala na kugeuzwa kwa `Layer > Transform > Flip Vertically`. Wengine huzungusha nyuzi 180 wakidhani ni kitu kimoja. Sivyo: kwa kuzungusha, chapa iliyo upande wa kushoto wa kopo huhamia kulia kwenye taswira, jambo ambalo hakuna sakafu inayolifanya. Nakala hiyo hushushwa hadi vitako vigusane, ikawekewa `Layer Mask` nyeupe, na ndani yake ikavutwa rangi kutoka nyeupe kwenye kitako hadi nyeusi pikseli 275 chini yake, yaani robo ya urefu wa kopo. `Opacity` ya asilimia 30 yatosha. Ukungu wa `Gaussian Blur` wa pikseli 4 huifanya sakafu ionekane laini. Bila ukungu huo, huwa kioo.

Mwisho huongezwa kivuli chembamba cheusi chini ya kitako, unene wa pikseli 8 hivi, nacho kitiwe ukungu. Ni kidogo, lakini ndicho kinacholikalisha kopo sakafuni.

Kuna tatizo moja hujitokeza baada ya kuhifadhi. Rangi inayofifia, ikibanwa sana kuwa JPEG, hugawanyika katika michirizi kama ngazi, hasa sehemu za giza. Punje chache za `RGB Noise` kwenye tabaka la nyuma, zisizoonekana kwa jicho, huivunja. Ubora wa 85 hadi 90 hutosha, na picha itazamwe kwenye simu iliyoongezwa mwanga kabla ya kupandishwa dukani.

Nakala yenye matabaka, ya aina ya `.xcf`, isifutwe. Amazon, kwa mfano, hudai picha kuu ya bidhaa iwe juu ya weupe kamili, 255 katika rangi zote tatu. Hapo kopo lile lile hutolewa bila rangi wala taswira, na picha ya mapambo huwekwa miongoni mwa zinazofuata.